Vumbika Matunda, Usiyaweke Katika Friji



Siku moja nilinunua chane ya ndizi mbichi ili ziive, nimpe mtoto wa dada yangu. Jua lilikuwa kali. Niliogopa zitaoza, nikamwomba mwenye duka aniwekee katika friji lake la soda.

Baada ya siku 5 nilizitoa. Maganda yalikuwa meusi, lakini ndani zilikuwa ngumu. Niliziweka mezani siku 4 zaidi. Hazikulainika vizuri wala hazikuwa na utamu. Kwa nini?

Tunda likichumwa bado lina uhai. Embe au ndizi iliyokomaa hutoa hewa isiyoonekana, iitwayo ethilini. Hewa hii ndiyo inayoamsha tunda liive. Wanga hugeuka sukari, na tunda hulainika. Kazi hii inahitaji joto. Katika baridi ya chini ya nyuzi 13 kazi hiyo huzorota. Friji lina nyuzi 4 hivi. Tunda bichi likikaa humo siku nyingi huumia. Hata ukilitoa, haliwezi tena kuiva vizuri.

Basi tufanyeje? Tuvumbike, kama wazee wetu.

Kwanza, chagua matunda yaliyokomaa. Embe lililokomaa limejaa mabega pande zote za kikonyo. Ndizi iliyokomaa imenenepa, na pembe zake zimepungua. Embe changa haliivi. Hunyauka tu.

Pili, chukua maembe 6 magumu na ndizi mbivu 2. Yaweke pamoja katika mfuko wa karatasi, ukunje mdomo. Ndizi mbivu hutoa ethilini nyingi, na mfuko huizuia isipotee. Kama huna mfuko, tumia kikapu chenye majani makavu ya mgomba, ukifunike kwa gunia. Usifunge katika mfuko wa plastiki. Matunda yatatoa jasho na kuota ukungu.

Tatu, weka mahali penye joto ndani ya nyumba, si juani wala karibu na moto. Tazama kila siku. Tunda lenye ukungu litupe. Baada ya siku 2 hadi 4, bonyeza embe kidogo karibu na kikonyo. Likibonyea na kunukia, limeiva. Sasa ukiwa na friji unaweza kuliweka humo siku chache.

Angalizo: Watu wengine huivisha matunda kwa kabaidi, yale mawe ya kijivu ya mafundi wa kuchomelea vyuma. Usifanye hivyo. Kabaidi huweza kuwa na sumu ya aseniki, na hewa yake hushika moto haraka. Ndizi mbivu 2 zinatosha.

Maswali

1. Kwa nini ndizi mbichi haziivi katika friji?
2. Utajuaje kuwa embe limekomaa?
3. Ndizi mbivu inafanya kazi gani ndani ya mfuko?