Msiba Haupigi Hodi, Kadi ya Harusi Inapiga

Kijitabu kwa kaya za Mbagala, Tandika, Tandale, Manzese na kwingineko Temeke, Kinondoni na Ubungo

Mtu akiulizwa mbona mshahara umekatika tarehe kumi, mara nyingi hujibu, "Nilipata dharura." Ukimdadisi, dharura yenyewe ni kadi ya mchango wa mtoto wa shemeji, iliyomfikia tangu miezi miwili nyuma na tarehe ya mwisho imeandikwa juu yake. Msiba ndio hatujui siku yake, lakini hata huo tunajua kwamba mwaka hautapita bila kukaa chini ya turubai la mtu. Kwa hiyo shughuli zina hesabu yake, na hesabu hiyo unayo kwenye simu.

Fungua ujumbe wa miamala ya mwaka uliopita, au omba taarifa ya miamala kwa mtandao wako wa simu. Andika kila shilingi iliyokwenda kwenye shughuli. Chukua mfano wa kaya moja ya Mbagala, baba dereva wa bodaboda na mama muuza chapati. Walichangia harusi tano kwa 50,000 kila moja, jumla 250,000. Kitchen pati na sendofu tatu kwa 30,000 zilifika 90,000. Rambirambi kumi na moja za 10,000 ni 110,000. Nauli ya wawili kwenda na kurudi Tanga kumzika mjomba iliwatoka 80,000. Idd mbili, pamoja na nguo za watoto, zilikula 240,000, na ada ya chama cha kufa na kuzikana 60,000. Jumla ni 830,000.

Gawa kwa miezi 12, unapata kama 70,000. Wao wanaingiza fedha kwa siku, kwa hiyo wagawe kwa siku 365: kama 2,300 kila jioni. Hakuna anayefurahi kuiona namba hiyo, lakini fedha hiyo tayari wanaitoa. Tofauti ni kwamba mwaka jana waliitoa kwa kukopa. Mkopo wa kausha damu wa 200,000 unaorejeshwa 10,000 kila siku kwa siku 26 unakugharimu 60,000 ya ziada ndani ya mwezi usiotimia, na hiyo ni zaidi ya harusi moja katika orodha ile.

Sikukuu zina tabia yake. Idd husogea nyuma kama siku 11 kila mwaka, kwa hiyo anayeanza kuweka mwezi uleule wa mwaka jana atakuta sikukuu imemwahi. Krismasi haisogei, ila nyuma yake inakuja Januari na sare, madaftari na, kwa wapangaji wengi, kodi ya miezi sita. Fedha ya Krismasi na ya Januari zisikae kibubu kimoja.

Kuhusu ahadi ya harusi

Kamati hupanga bajeti kwa ahadi, kisha ukumbi, chakula na mapambo hudai fedha taslimu. Ahadi zikiyeyuka wiki ya mwisho, familia ndiyo hukopa kuziba pengo. Anayeahidi 100,000 ili asionekane mnyonge kwenye kundi la WhatsApp, halafu akazima simu, amewaumiza wenye shughuli kuliko aliyesema mapema, "Mwenyekiti, mimi nina 30,000, naituma leo." Mweka hazina yeyote aliyewahi kushika daftari atakubaliana nasi. Na ukiwa wewe ndiye mwenye harusi, agiza kwa fedha iliyokwisha kuingia. Itakayokuja baadaye iongeze vinywaji.

Chama cha kufa na kuzikana: hesabu inayokiua

Hapa tukae kidogo, maana ndipo kaya nyingi zinapoweka tegemeo lake lote.

Mtu akifariki usiku, saa za mwanzo hazidai jeneza. Zinadai turubai, viti, mkaa, maji, sukari na majani ya chai kwa wanaoanza kuingia. Chama chenye turubai na masufuria yake, vikiwa vimehifadhiwa kwa mwanachama ambaye kila mtu anapajua kwake, kimeshamwokoa mfiwa kabla ya senti kutolewa. Kisha ndiyo inakuja sanda au jeneza, kaburi, na gari. Kama maiti inasafirishwa mkoani, gari hilo linaweza kuzidi vingine vyote vikijumlishwa, kwa hiyo familia yenye desturi ya kuzika kijijini ikubaliane mapema nani atasafiri na nani ataagana na marehemu hapa mjini.

Sasa tazama mfuko. Chama cha watu 40, kila mmoja 5,000 kwa mwezi, kinakusanya 200,000, yaani 2,400,000 kwa mwaka. Katiba inaahidi 500,000 kwa kila msiba. Misiba minne inakula 2,000,000, inabaki 400,000. Msiba wa tano haulipiki kwa makusanyo ya mwaka huo.

Je, wa tano utafika? Hesabu watu walioandikwa. Kila mwanachama na mwenza, watoto wanne, wazazi wawili na wakwe wawili ni watu kumi, mara 40 ni watu 400. Wazazi na wakwe peke yao ni 160, na wengi wao ni wazee. Miaka miwili ya mwanzo chama kitaonekana tajiri, watu watataka kugawana mfuko Desemba. Mwaka wa tatu wakwe watatu wakifariki ndani ya miezi michache, mweka hazina ataanza kusema "subirini kidogo", na waliolipa bila kukosa ndio watakaokuwa wa kwanza kujitoa.

Dawa yake si kupandisha ada tu, maana ada ikipanda wanaouza matunda barabarani watashindwa. Afadhali kupanga fungu kwa ngazi: mwanachama, mwenza na mtoto 500,000, mzazi 200,000, mkwe apate turubai, vyombo na mchango wa papo kwa papo wa 5,000 kila mtu, ambao kwa watu 40 ni 200,000 bila kugusa mfuko. Mwanachama mpya asubiri miezi mitatu kabla ya kulipwa. Bila kipengele hicho, watu hujiunga mgonjwa akiwa tayari wodini. Na katiba iseme wazi anayedaiwa ada ya miezi mingapi hapewi fungu, kwa sababu ugomvi huu huzuka palepale msibani, mbele ya jeneza.

Fedha isikae kwenye simu ya mtu mmoja, hata akiwa mcha Mungu. Ziko akaunti za kikundi za benki na za simu, kama M-Koba, ambapo muamala hautoki bila viongozi kadhaa kuidhinisha na wanachama huona salio. Kikundi kinachokopesha wanachama wake kinaangukia daraja la nne la Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018, na kinasajiliwa kupitia halmashauri. Anzeni kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata.

Dalili za chama kinachozama huonekana mapema. Taarifa ya mapato haisomwi vikao viwili mfululizo. Mfiwa analipwa nusu na kuahidiwa nusu. Fedha ya misiba imekopeshwa, na waliokopa ni viongozi. Ukiona mojawapo, kwenye kikao kijacho omba mambo matatu yasomwe kwa sauti: salio la leo kutoka kwenye simu au kitabu cha benki, orodha ya majina yote yanayolindwa, na madeni ya kila mwanachama. Katibu akisema daftari limesahaulika nyumbani, kikao kiahirishwe likafuatwe.