Alama nne za Mazoea

*Mimi ni mwalimu wa Kiswahili huku Ikuti, wilayani Rungwe. Kidato cha tatu walicheza kipande cha tamthiliya ya "Ngoswe: Penzi Kitovu cha Uzembe" mbele ya wazazi. Baadaye nilimpa kila mmoja karatasi ya tathmini: sauti, uhusika, miondoko na ushirikiano, kila kimoja alama 10. Msichana aliyecheza Mazoea nilimpa 4 za sauti na kumwandikia, "Husikiki, ongeza bidii." Hajarudi mazoezini tangu siku hiyo. Cha ajabu, alipobaki peke yake jukwaani nilimsikia vizuri hata nikiwa mlangoni. Kijana aliyecheza Ngoswe alipata 36 kati ya 40, na sasa haelekezeki. Tunarudia onyesho siku ya mahafali. Nimwandikie nini yule binti? Naambatanisha karatasi zao, na picha aliyopiga mzazi mmoja kwa simu.*

*Mwalimu, Ikuti*

Mwalimu, umefanya vizuri kuleta ile picha, maana inasema mengi kuliko karatasi zote.

Mazoea amepiga goti anamwamkia Ngoswe. Ngoswe amesimama nyuma kabisa ya jukwaa, karibu na ukuta, uso wake wote kwa wazazi. Binti naye, ili amtazame anayesema naye, amewapa wazazi mgongo na maneno yake yote yamekwenda ukutani. Sauti huenda zaidi kule mdomo unakoelekea. Aliyeko nyuma ya msemaji hupata mvumo, lakini konsonanti, ambazo ndizo zinazomwezesha kutofautisha neno na neno, hupotea mapema. Ongeza na mvua. Tukuyu hupata zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka, na juu ya wazazi katika hiyo picha naona bati tupu, bila dari.

Sasa rudi kwenye ile sentensi yako uliyoiita ya ajabu. Alipobaki peke yake ulimsikia toka mlangoni. Basi sauti anayo. Alichokosa ni mwenzake wa kusimama mahali panapomruhusu kugeuza uso, na mtu wa kumsogeza huyo mwenzake, ambaye ni wewe mwelekezaji. Zile alama 4 umeziandika kwenye safu ya sauti, lakini sababu yake iko kwenye miondoko, na chanzo cha miondoko hiyo kiko kwenye ushirikiano, safu ambayo Ngoswe umempa 10 kamili.

Kabla hujaandika tena, fanya jaribio. Mweke mwanafunzi asiyeijua tamthiliya kwenye benchi la mwisho, na wewe ukae kando yake ukiwa na nakala ya maneno. Kila asipoelewa neno anyooshe kidole, nawe ulipigie mstari. Chezeni kama mlivyocheza siku ile, kisha rudieni Ngoswe akiwa amesogea mbele hatua mbili na kukaa pembeni. Mistari ikipungua sana, umepata jibu. Ikibaki, angalia imebaki wapi. Ikiwa mwishoni mwa sentensi, pumzi inamwishia, na dawa yake ni kupumua mapema, si kupiga kelele. Ikiwa imetapakaa kote, ndipo useme sauti ni ndogo. Ikiwa ni pale anapoharakisha, tatizo ni kasi.

Matamshi yachunguze peke yake. Kinyakyusa hakina sauti ya z, na mtoto aliyekulia Ikuti anaweza kusema "Masoea" bila hata kujisikia. Mzazi aliyekaa bwaloni anamwelewa kabisa. Ukitaka jina hilo litamkwe sawasawa kwa kuwa linaitwa mara nyingi, wafundishe wote wanaoliita, lakini usilipunguzie alama kwenye sauti kana kwamba halikusikika.

Usimwandikie "paza sauti" pia. Wengi wakiambiwa hivyo hukaza koo, sauti inapanda juu, na kabla ya mwisho wa onyesho wamekauka. Zaidi ya hayo, Mazoea atasikika kama anagomba. Na lile goti usiliondoe. Binti wa kijijini anayemwamkia mgeni aliyevaa viatu vya mjini hupiga goti na kuinamisha macho, na huyu mchezaji wako amelifanya hilo bila kuelekezwa. Mpe mahali pa kulifanyia tu: bega moja lielekee wazazi, macho yashuke wakati wa salamu, yainuke anapojibu.

Karatasi yake mpya ningeiandika hivi:

"Ulipomwamkia Ngoswe sikuyapata maneno yako, kwa sababu ulikuwa umetupa mgongo. Ngoswe alisimama nyuma mno, na mimi sikumsogeza. Ulipobaki peke yako nilisikia kila neno nikiwa mlangoni. Goti lako la salamu lilinionyesha Mazoea ni nani kabla hajasema kitu. Mazoezi yajayo, piga goti bega la kulia likiwa kwa wazazi, na vuta pumzi kabla ya kila jibu refu."

Ona kwamba kila sentensi ina mahali pake katika mchezo. "Ongeza bidii" haina mahali, ndiyo maana mtoto huipeleka moyoni, hana pengine pa kuipeleka.

Kijana wa Ngoswe naye asinyang'anywe sifa zake. Mwandikie: "Ulitembea kama ofisa aliyezoea barabara ya lami, na wazazi walicheka pale ulipotaka. Lakini Mazoea alilazimika kugeuka ili akuone, na maneno yake yakapotea. Mazoezi yajayo simama sambamba naye, na wakati anasema, mtazame yeye." Ushirikiano hauonekani kwa anayesema. Uangalie kwa asiyesema: macho yake yako wapi, anasikiliza au anasubiri zamu yake? Kwenye picha yako, Mazoea anasema na Ngoswe anatazama wazazi.

Neno moja kuhusu Mzee Mitomingi, ambaye umempa 9 za uhusika kwa kuwa "mzee kabisa". Mgongo uliopinda, fimbo, sauti ya kutetemeka: huo ni uzee wa kila igizo la shule. Mitomingi ni mwenye kaya anayehofiwa, na ndiye atakayezichoma karatasi za sensa mwishowe. Mtu anayetetemeka hivyo tangu mwanzo hatatutisha akishika moto. Mwulize kijana huyo: makarani walipopita nyumbani kwenu Agosti 2022 na vishikwambi vyao, babu alikaaje? Alijibu upesi au alimchunguza kwanza anayeuliza? Akilikumbuka hilo, fimbo ataiacha mwenyewe.

Alama zibaki kwenye daftari lako, ofisi ikizihitaji zipo. Mtoto akiona 4, hasomi kilichoandikwa chini yake, na akiona 36 hasomi pia. Mazoea na Ngoswe wape karatasi zao pamoja, siku ya mazoezi yenyewe, ili hatua zile mbili zijaribiwe hapohapo. Lakini kwanza mfuate binti mwenyewe, si kwa kumtuma kiranja, umwambie ulikosea safu.

Na siku ya mahafali, jukwaa litoke kwenye ukuta mfupi wa bwalo liwekwe katikati ya ukuta mrefu. Mabenchi ya nyuma yatasogea karibu sana. Mvua ikishuka kwa nguvu, wachezaji wakubaliane mapema kwamba Ngoswe atafungua makabrasha yake na kuandika kimyakimya, wengine wakiendelea na kazi za nyumbani, mpaka wewe uliyeko mlangoni uinue mkono.