Kwa Nini Vinundu vya Kunde ni Vyekundu Ndani?



Msimu mmoja wa mvua nilimkuta mama mmoja wa Ruangwa aking'oa kunde zake na kuzitupa kando ya shamba. Kunde zenyewe zilikuwa na majani mazuri ya kijani, tena zilikuwa zimeanza kutoa maua. Nikamwuliza, "Mama, kulikoni?"

Akanionyesha mizizi. "Tazama, Mwalimu, ina vipele. Ugonjwa huu utahamia kwenye karanga zangu."

Alikwisha ng'oa mistari mitatu. Tukachukua mzizi mmoja, tukauosha, tukapasua kipele kimoja kwa wembe. Ndani kilikuwa chekundu kama nyama mbichi. Mama akazidi kushtuka: "Kumbe kina na damu!"

Basi somo letu la leo ni juu ya wekundu huo, maana mama yule hakukosea sana kuuita damu.

Vipele vile huitwa vinundu. Ndani yake wanaishi bakteria, viumbe wadogo wasioonekana kwa macho. Kazi yao ni kuchukua naitrojeni kutoka hewani na kuigeuza iwe chakula cha mmea. Katika kila sehemu 100 za hewa, sehemu 78 ni naitrojeni, lakini mmea hauwezi kuitumia hivi hivi. Naitrojeni ya hewani hukaa chembe mbili mbili zilizoshikana sana. Katika kiwanda cha mbolea, kuzitenganisha kunahitaji joto la digrii 400 au zaidi, na mgandamizo mkubwa. Bakteria wanazitenganisha kimya kimya, katika udongo wa kawaida wa Nachingwea.

Wanatumia kimeng'enya. Kimeng'enya ni kitu ambacho mwili wa kiumbe hutengeneza ili kuharakisha kazi fulani. Ukitafuna ugali kwa muda mrefu bila kumeza, unaanza kuwa mtamu. Hiyo ni kazi ya kimeng'enya kilichomo katika mate. Kimeng'enya cha bakteria wa vinundu kinaitwa naitrojenesi. Ndani yake mna chuma, na hapo ndipo penye udhaifu wake. Oksijeni, ile hewa tunayoivuta ili tuishi, ikikifikia inakiharibu. Jembe likipata kutu unaweza kulisugua. Naitrojenesi ikiharibiwa na oksijeni haiponi. Lazima itengenezwe nyingine.

Sasa mtu atasema: basi oksijeni izuiwe kabisa. Haiwezekani. Kutenganisha naitrojeni ni kazi ya jasho, na bakteria hawa hupata nguvu kwa kuunguza sukari wanayopewa na mmea. Kuunguza huko kunahitaji oksijeni. Ni kama mtu anayepika ndani ya nyumba ya makuti: bila moto hatakula, na moto ukizidi nyumba itateketea.

Mmea unautunza moto huo kwa njia mbili. Kwanza, kinundu kina ukuta wa chembe zilizobanana, unaopitisha hewa kidogo tu. Pili, mmea unatengeneza kitu chekundu kinachoitwa leghemoglobini, ndugu wa kile kinachofanya damu yetu iwe nyekundu. Kitu hicho kinaikamata oksijeni na kuwapelekea bakteria kidogo kidogo, nao wanaitumia papo hapo. Oksijeni haizagai ovyo, na kimeng'enya kinasalimika.

Ndiyo maana rangi ya kinundu inasema mengi. Kikiwa chekundu au cha waridi ndani, kazi inaendelea. Kikiwa cheupe, ama bado ni kichanga, ama bakteria waliomo hawafai. Kikiwa cha kijani au kahawia, kimezeeka. Utaviona hivyo mmea unapokaribia kukomaa, wala si ajabu.

Lakini hofu ya mama yule ilikuwa na msingi, kwa sababu wako minyoo wadogo wanaovimbisha mizizi. Njia ya kutofautisha ni hii: kinundu kimebandikwa ubavuni mwa mzizi, ukikisukuma kwa kidole kinabanduka. Uvimbe wa minyoo ni mzizi wenyewe uliotutumka. Haubanduki mpaka uukate. Mama akasukuma, vikabanduka. Kunde zilizobaki akaziacha.

Jambo jingine ni maji. Shamba likituamisha maji siku kadhaa, oksijeni haifiki kwenye vinundu vya kutosha. Hapo kimeng'enya kipo, lakini bakteria hawana nguvu ya kukiendesha, na majani yanaanza kuwa ya manjano. Dawa yake ni kufungua mfereji au kupanda juu ya matuta.

Kunde au karanga zako zikianza maua, chimbua mche mmoja pamoja na udongo wake. Usiuvute, maana vinundu vitabaki chini nawe utadhani hauna. Osha taratibu, pasua vinundu 5, kisha hesabu vyekundu ni vingapi.