Mteja Anaandika "Simiti", Wewe Umeandika "Saruji": Kuchagua Maneno ya Kuifanya Biashara Yako Ipatikane

Tuseme una duka la vifaa vya ujenzi pale Mosocho, kando ya barabara ya Kisii kwenda Kisumu. Mabati yako, simiti iko, misumari iko, na nambari ya kulipia imebandikwa kaunta. Lakini kuna mtu Nairobi anajengea wazazi wake nyumba hapo hapo Mosocho. Anafungua simu, anatafuta mahali pa kununua mabati, na Google inampeleka maduka ya Kisii mjini. Analipa huko, kisha analipa tena lori la kuyaleta mpaka kwenu.

Hakukupita kwa sababu ya bei. Hakukuona kabisa. Maneno aliyoandika yeye na maneno uliyoandika wewe hayakukutana. Somo hili ni la kuyakutanisha, na tutatumia duka hilo kama mfano kutoka mwanzo hadi mwisho.

Anayetafuta akiwa karibu na anayetafuta akiwa mbali

Watu hawa wawili hawaandiki sawa, kwa hivyo tuanze nao.

Aliye karibu, mathalani fundi aliyesimama stejini Mosocho na amekwisha misumari, huandika neno moja tu: "hardware". Au huongeza "near me" ama "karibu nami". Simu yake tayari inajua iko wapi, na Google hutumia mahali hapo kuchagua maduka ya kumwonyesha. Ndiyo maana hakuna faida ya kuandika "near me" kwenye jina au maelezo ya duka lako. Kinachokusaidia kwa mteja huyu ni pini yako kwenye ramani kuwa mahali sahihi, na aina ya biashara uliyochagua kuwa sahihi.

Aliye mbali ni tofauti. Simu yake iko Nairobi, Mombasa au hata ng'ambo, kwa hivyo "karibu nami" haimfai. Lazima aandike jina la mahali: "hardware Mosocho", "mabati Kisii", "bei ya ballast Kisii". Huyu ndiye anayehitaji kuona majina ya mahali ndani ya maelezo yako, na mara nyingi ndiye anayenunua vitu vingi kwa mpigo mmoja na kulipa kwa simu.

Je, ataandika mahali gani? Jiulize yeye anapajua kwa jina lipi. Mwenyeji ataandika Mosocho au jirani kama Nyakoe. Asiyejua vijiji ataandika Kisii. Mwingine atakumbuka shule, kwa sababu Cardinal Otunga inajulikana mbali. Wenyeji wanauita mji wa Kisii Getembe wakizungumza, lakini jina hilo halimsaidii mgeni asiyelijua. Weka majina matatu au manne ya aina hii kwenye maelezo yako, si ishirini.

Neno la kamusi si lazima liwe neno la kaunta

Hapa ndipo maduka mengi yanapopotea. Mwenye duka akitaka kuandika Kiswahili kizuri, anaandika "saruji", "vigae", "kokoto" na "nondo". Ni maneno sahihi, na kokoto na nondo ndiyo maneno ya kila siku Tanzania. Lakini sikiliza mteja wako hapa kwetu: "Simiti ni ngapi?" "Uko na mabati geji thelathini?" "Lori ya mchanga ni pesa ngapi?" Kokoto huku ni balasti, na akiandika kwenye simu huliandika kama alivyoliona kwenye risiti, "ballast". Nondo anaziita vyuma.

Kwa hivyo chanzo chako cha kwanza cha maneno si mtandao. Ni daftari. Kwa wiki moja, kila mteja anapouliza kitu, andika maneno yake vile alivyoyasema, usiyasahihishe. Fanya vivyo hivyo kwa jumbe za WhatsApp za miezi miwili iliyopita, maana huko mteja ameandika kwa kidole chake mwenyewe, na tahajia yake unaiona.

Mwisho wa wiki, yapange katika mafungu matatu:

- Kitu na mahali: "hardware Mosocho", "mbao Kisii", "mabati Nyakoe".
- Bei: "bei ya simiti", "bei ya mabati gauge 30", "cement price Kisii".
- Shida: "dawa ya mchwa kwa mbao", "paa linavuja".

Fungu la tatu husahaulika sana. Mtu ambaye mbao zake zinaliwa na mchwa hajui jina la dawa iliyo kwenye rafu yako. Anaandika shida yake. Ukiandika jina la dawa peke yake, hamtakutana.

Pima kabla ya kuandika

Sasa una orodha ya maneno labda thelathini. Hutayatumia yote. Yapime hivi.

Fungua kivinjari kwenye simu kwa hali ya faragha, ile isiyokumbuka ulichotafuta awali, ili majibu yasifuate mazoea yako mwenyewe. Andika "bei ya mabati" na uache nafasi, usibonyeze kutafuta. Google itakushushia mapendekezo. Hayo yanatokana na mambo ambayo watu wamekuwa wakiyatafuta. Ongeza herufi moja moja baada ya nafasi, a, g, k, uone kinachojitokeza. Rudia kwa "bei ya simiti" na "bei ya saruji". Ulinganisho huo wa dakika tano utakuambia mengi.

Ukitaka kulinganisha maneno mawili kwa nchi nzima, tumia Google Trends. Chagua Kenya, kisha weka "cement", "simiti" na "saruji" pamoja. Lakini usiingize "hardware Mosocho" humo ukakata tamaa. Kwa mahali padogo, chombo hicho hukosa takwimu za kutosha na huonyesha ukurasa mtupu. Utupu huo hauna maana kwamba hakuna anayetafuta. Watu kumi kwa mwezi ni wachache kwa Google, lakini kwako ni nyumba kumi zinazoezekwa.

Mahali pa kuyaweka maneno

Kama duka lako lina Google Business Profile, ambayo ni bure, maneno yana makao yake.

*Jina.* Andika jina lile lile lililo kwenye bango la duka, basi. Usiliongezee "Mabati Simiti Bei Rahisi Kisii". Sheria za Google zinataka jina halisi, na ukilijaza maneno, ukurasa wako unaweza kusimamishwa.

*Aina ya biashara.* Hii huchaguliwa kwenye orodha, huitungi wewe. Kwa mfano wetu ni "Hardware store". Hapa ndipo yule fundi wa stejini anakupata.

*Maelezo.* Una nafasi ya herufi 750. Andika kama mtu anayezungumza:

> "Duka la vifaa vya ujenzi (hardware) Mosocho, barabara ya Kisii–Kisumu, karibu na shule ya Cardinal Otunga. Tunauza mabati gauge 28, 30 na 32, simiti (cement) mfuko wa kilo 50, mbao, misumari, vyuma na dawa ya mchwa. Tunaleta ballast na mchanga kwa lori hadi Nyakoe na Kisii mjini. Unaweza kulipa kwa simu."

Angalia kilichofanyika hapo. "Simiti" na "cement" zimekaa bega kwa bega, mara moja, bila kurudiwa. Geji zimetajwa kwa nambari, kwa sababu anayejenga hutafuta nambari: geji 28 ni nzito kuliko 30, na 30 ni nzito kuliko 32. Mahali pametajwa kwa njia ambayo mgeni anaweza kuifuata.

*Bidhaa.* Weka kila bidhaa kivyake, na jina la mteja likitangulia. Ukitaja bei, taja na tarehe yake. Bei ya simiti hubadilika, na bei ya zamani huleta ugomvi kaunta.

Vipi kuhusu tahajia zenye makosa? Google hurekebisha makosa mengi yenyewe, kwa hivyo huna haja ya kuandika "simeti, siment, cementi" mstari mzima. Mteja akiona hivyo atadhani ni ukurasa wa matapeli. Tumia tu tahajia mbili ambazo zote zinatumika kweli.

WhatsApp hairekebishi chochote

Kuna utafutaji mwingine tunausahau: mteja kukutafuta ndani ya simu yake mwenyewe. Ulimtumia bei mwezi uliopita, leo anataka kununua. Anafungua WhatsApp na kuandika "mabati". WhatsApp itamwonyesha jumbe zenye neno hilo tu. Kama ulimtumia picha ya orodha ya bei bila maandishi, hatakupata. Kila picha ya bei iandikie chini yake: "Bei ya mabati na simiti, Mosocho", pamoja na tarehe.

Ujumbe wa malipo nao ni vile vile. Mteja akishalipa, simu yake hubaki na jina la biashara lililosajiliwa kwa nambari yako ya malipo. Hilo ndilo jina atakaloandika akikutafuta tena. Kama bango linasema jambo moja na ujumbe unaonyesha majina yako matatu ya kitambulisho au "Enterprises" fulani isiyojulikana, umempoteza mara mbili. Hakupati, na anayelipa akiwa Nairobi anashtuka kwamba pesa zimekwenda kwa mtu mwingine. Hakikisha jina la bango, la ramani na la malipo ni moja.

Utajuaje kama imefanya kazi?

Baada ya mwezi mmoja, fungua sehemu ya utendaji ya Google Business Profile. Utaona maneno ambayo watu waliandika na wakaonyeshwa duka lako. Usishangae mengi yakiwa na alama ya "<15", maana yake chini ya kumi na tano. Kwa Mosocho hilo ni kawaida.

Soma orodha hiyo kwa maswali mawili. Kwanza, kuna neno usilolitarajia? Kama watu wanakuja kwa "tangi la maji" na unayo matangi lakini hukuyaandika, yaongeze leo. Pili, kuna neno linaloleta watu wasio wako? Kama wanafika kwa "mitungi ya gesi" na huuzi gesi, kuna mahali maelezo yako yanapotosha. Yarekebishe.

Halafu kaunta, kila mteja mpya muulize swali moja: "Ulitutafuta kwa kuandika nini?" Jibu lake liandike kwenye lile daftari, kwa tahajia yake.