Daftari linaposema "pandisha bei, utauza zaidi"

Jamani wauzaji wenzangu wa mtandaoni, hili lilinitia hasara, someni kabla hamjapandisha bei.

Nauza madera. Siku moja nikaingiza rekodi zangu kwenye Excel, bei safu ya A na idadi niliyouza kwa wiki safu ya B, nikaandika:

```
=SLOPE(B2:B13,A2:A13)
```

Jibu likaja kama vile kila nikiongeza 1,000, nauza madera matatu na nusu zaidi! Na kweli, kwa 16,000 nilikuwa nimeuza 12, kwa 18,000 nikauza 20, kwa 25,000 nikauza 45. Basi nikachukua mkopo wa kikoba, nikajaza mzigo, nikaweka 28,000. Wiki ile niliuza 6 tu.

Kosa langu lilikuwa wapi? Zile 45 zilikuwa wiki ya kuelekea Idi. Watu walikuwa wanatafuta nguo kwa udi na uvumba, mimi nikaona oda zimemiminika nikapandisha bei. Zile 12 zilikuwa baada ya sikukuu, mifuko mitupu, nikashusha. Yaani uhitaji ndio uliosukuma bei na idadi kwa pamoja. Ule mstari wa Excel ulikuwa unaeleza tabia yangu mimi muuzaji, haukueleza tabia ya mteja.

Ukitaka kumjua mteja, tafuta wiki ambazo bei ilibadilika kwa sababu isiyomhusu kabisa. Mimi nilikuwa nayo moja: kontena la muuzaji wangu wa jumla lilichelewa, akaniongezea 3,000 kwa kila dera. Ilikuwa wiki ya kawaida, hakuna sikukuu. Nikapanda kutoka 18,000 hadi 21,000, mauzo yakashuka kutoka 20 hadi 14. Hapo ndipo mteja alipoongea: kila 1,000 inanipotezea karibu madera mawili. Ni wiki moja tu, kwa hiyo naichukulia kama dokezo mpaka nipate nyingine za aina hiyo.

Mchumi Kathryn Graddy alifanya hivi kwenye soko la samaki la Fulton, New York. Dhoruba baharini hupunguza samaki na kupandisha bei, huku mlaji aliye nchi kavu akiwa na hamu ileile ya kula. Lakini angalia, dhoruba hiyo ikileta na mvua mjini, wateja wakajifungia ndani, haifai tena kwa hesabu hii. Vivyo hivyo, muuzaji wa jumla akipandisha kwa sababu ya Idi, hiyo nayo usiitumie.

Siku hizi daftari langu lina safu ya tatu, "kwa nini bei ilibadilika". Naandika siku ileile, maana baada ya mwezi huwa sikumbuki kama ulikuwa mzigo au wateja.