Kukata ukimya kwenye rekodi ya obokano

Swali: Nimemrekodi babu kwa aifoni akipiga obokano. Nitaondoaje ukimya wa mwanzo na mwisho? – Msomaji, Nyanchwa, Kisii

Jibu: Tengeneza nakala kwanza. Ifungue katika Voice Memos, uingie sehemu ya kuhariri, kisha uguse alama ya kukata. Buruta ncha mbili za manjano zizingire muziki, ubonyeze Trim. Usibonyeze Delete, maana hiyo hufuta sehemu uliyoizingira.

Mwanzoni acha nusu sekunde. Mwishoni usiamini macho: nyuzi nene za obokano huendelea kuvuma hata mawimbi kwenye skrini yakionekana bapa. Vaa visikizi, ngoja mvumo uishe, uongeze sekunde moja. Sauti ikikatika ghafla, umekata mapema. Rudia kwa nakala nyingine.