Shali ya Mtoto Isiyojikunja Ukingoni

Kusi likivuma Malindi na Kilifi, hasa kati ya Juni na Agosti, mtoto mchanga hahitaji sufu nzito. Shali ya uzi wa pamba inamtosha. Wengi huifuma kwa ufumaji laini, yaani safu moja ya vitanzi vya mbele na safu inayofuata ya vitanzi vya nyuma, kisha hushangaa inapotoka sindanoni ikijiviringa pande zote nne. Mfumaji hulaumu mkono wake au uzi. Kosa haliko huko.

Chukua fulana kuukuu ya mtumba uikate pindo la chini. Kitambaa cha fulana ni ufumaji huohuo, ila umefanywa na mashine kwa uzi mwembamba. Ukivuta kidogo ule ukingo uliokatwa, utajikunja kuelekea upande wa uso, yaani ule unaoonekana mtu anapoivaa. Ukiikata kutoka juu kwenda chini, ukingo huo utajikunja kuelekea ndani.

Sababu iko ndani ya kitanzi. Miguu yake miwili hukaa upande wa uso, na matao yake ya juu na ya chini hurudi nyuma. Uzi umepindwa kwa nguvu, nao hutaka kunyooka. Miguu ikijaribu kunyooka, juu na chini ya kitambaa husukumwa mbele. Matao yakijaribu kunyooka, pande mbili husukumwa nyuma. Katikati kila kitanzi kinazuiwa na jirani zake, lakini ukingoni hakuna wa kuzuia. Ndiyo maana kulowesha na kupiga pasi hakutoshi: kitambaa kitalala leo, kisha baada ya kufuliwa kitarudi kujikunja.

Dawa ni kuchanganya vitanzi vya mbele na vya nyuma ukingoni, ili mivuto ipingane. Kwa shali napendelea mpaka wa punje, ambao kila kitanzi cha mbele huzungukwa na vya nyuma. Wengi hutumia vitanzi vya mbele tupu katika kila safu, nao hulala vizuri sana juu na chini. Kando ndiko kwenye shida: safu zake ni fupi kuliko za ufumaji laini, hivyo mpaka huvuta na shali hukunjamana. Mpaka wa mbavu, yaani kimoja mbele kimoja nyuma kwa mistari iliyosimama, haujikunji, lakini hubana. Uache kwa mikono ya sweta.

Hatua ya kwanza, fuma kipande cha majaribio kwa sindano za milimita 4, ukioshe, ukikaushe, ndipo upime. Tuseme umepata vitanzi 20 kwa sentimita 10. Kwa shali ya upana wa sentimita 75, anzisha vitanzi 151. Idadi isiyogawanyika kwa mbili inarahisisha kazi, kwa sababu kila safu ya punje itaanza na kumalizika kwa kitanzi cha mbele.

Hatua ya pili, fuma safu 12 za punje: kimoja mbele, kimoja nyuma, mpaka mwisho. Usipunguze safu hizo. Mpaka mwembamba wa safu tatu au nne utabebwa mzima na ufumaji laini na kugeuka nao.

Hatua ya tatu, gawa vitanzi: 9 vya punje kulia, 133 vya ufumaji laini katikati, 9 vya punje kushoto. Weka alama ya uzi wa rangi nyingine kwenye kila mpaka. Vile 9 vya kila upande hufumwa mbele, nyuma, mbele, katika kila safu, bila kujali umeshika uso au mgongo wa kazi. Ukiona vinundu vinapangana kwa mistari iliyosimama badala ya kupishana, umekosea safu moja. Fumua mpaka hapo.

Hatua ya nne, urefu ukikaribia kutosha, rudia safu 12 za punje kwa upana wote, kisha funga vitanzi kwa mkono mlegevu. Ukifunga kwa kukaza, ukingo wa juu utavutika ndani.

Loweka shali, ikamue ndani ya taulo, itandaze kivulini juu ya mkeka safi. Kwa hewa yetu ya chumvi, tumia pini zisizoshika kutu, la sivyo zitaacha madoa. Ikiwa uzi ni wa akriliki, usiuguse kwa pasi ya moto, kwani hulegea na haurudi tena.

Na kama shali imeshafumwa bila mpaka, usiifumue. Okota vitanzi vipya ukingoni, kimoja kwa kila kitanzi juu na chini, na vitatu kwa kila safu nne kando. Fuma mpaka wa punje kuzunguka, ukiongeza vitanzi viwili kila pembe baada ya kila safu mbili, ili pembe zisikunjamane.